Dresden, Berlin, Davos: kumfuata Kirchner kwa treni

Jumanne, Dresden

Nimeingia asubuhi kutoka Leipzig, binamu yangu kanipokea stesheni macho mekundu maana katoka zamu ya usiku hospitalini na bado kakubali kunisindikiza makumbusho, kwa sharti kwamba nimnunulie kahawa na nisimtolee lekcha. Sharti la kwanza nimelitimiza.

Mpango wenyewe ni huu. Namfuata mchoraji mmoja tu, Ernst Ludwig Kirchner, Mjerumani wa wale wanaoitwa ekspreshonisti, kwenye miji mitatu aliyoishi, nisimame pale aliposimama halafu niangalie kapindisha nini. Kila mtu akiongelea ekspreshonisti anakwambia hawa walichora walivyojisikia, hawakuchora walivyoona, basi, imeisha. Mi hiyo sentensi inanikera kidogo kwa sababu haisemi mkono ulifanya nini. Nimeandika mabango ya maduka Tanga kwa miaka mingi kabla sijaja huku, na najua hisia haziingii kwenye rangi zenyewe tu kwa kuwa una huzuni, kuna mtu kaamua kwamba hapa weka kijani.

Kirchner na wenzake walianza wanne, wote wanafunzi wa usanifu majengo hapa Dresden: Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl. Tarehe 7 Juni 1905 wakaunda kundi lao la Die Brücke, yaani Daraja, na Kirchner mwaka huohuo akamaliza masomo yake ya usanifu. Hii nimemwambia binamu kabla hatujaingia kwa sababu nilijua atasema nini. Mtu aliyefaulu usanifu anajua kuchora mstari ulionyooka na nyumba isiyoanguka. Kwa hiyo ukiona ukuta umepinda ujue kaupinda yeye.

Makumbusho ya Albertinum wana picha yake ya daraja la reli la Löbtauer Straße, hapahapa mjini. Tumekaa mbele yake sana. Ni mada ya kawaida kabisa, reli inapita juu, barabara chini, sehemu ambayo mtu hasimami akapiga hata picha ya simu. Kilichonivuta kwanza ni kibao chake: mwaka ulioandikwa ni 1910 na tena 1926. Yaani aliichora kijana, akaja kuirudia miaka kumi na sita baadaye! Nimeiweka hiyo kichwani, huko Davos itanisaidia.

Binamu kauliza swali zuri, "sasa mbona anachukua rangi ambayo haipo na jicho halikatai?" Nimemwambia kitu ambacho kila mwandika mabango anakijua. Ukiandika herufi nyekundu juu ya kijani, na nyekundu hiyo na kijani hicho vina mwanga sawasawa, herufi zinaanza kucheza, ukingo unatetemeka, dereva hawezi kusoma. Ukitaka kuhakikisha piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, utaona herufi zimepotea kabisa, imebaki kijivu tupu. Kwenye bango hilo ni kosa la kurudishiwa kazi. Hawa vijana walilitafuta hilo kosa makusudi. Walikuwa wameona kazi za Van Gogh Dresden mwaka huohuo wa 1905, na baadaye za Matisse, wakaelewa kwamba kivuli kwenye shavu la waridi si lazima kiwe kahawia, ukiweka kijani shavu linapata joto na kivuli kinapata baridi na vyote viwili havitulii. Mtu akitazama anahisi ana wasiwasi na hajui umetoka wapi.

Kasema "basi ni ujanja." Ndio dada, ni ujanja, lakini ngoja.

Jioni nimepita Friedrichstadt peke yangu, mtaa walikokuwa na studio zao, moja iliwahi kuwa bucha. Leo hakuna cha kuona sana. Nimenunua kebabu nikarudi.

Jumatano, Moritzburg

Binamu kapata siku ya mapumziko. Tumepanda kale katreni ka mvuke kutoka Radebeul, kanakwenda taratibu, moshi mtupu, hadi Moritzburg kwenye mabwawa. Mwezi wa tatu bado baridi kali, hakuna mtu anayeoga. Kirchner na wenzake walikuwa wanakuja hapa kiangazi, 1909 mpaka 1911, na wanamitindo wao, wote uchi kwenye maji, wanachora toka asubuhi.

Kitu cha kujua kuhusu hawa ni zoezi lao la robo saa. Mwanamitindo hakai kama sanamu, anajisogeza anavyotaka, na kila baada ya dakika kumi na tano anabadilisha mkao, sasa mchoraji hana muda wa kupima wala kufuta. Niliwahi kulisoma hilo mara nyingi ila sijawahi kulijaribu, leo nimemsimamisha binamu chini ya mti na koti lake kubwa, nimeweka saa ya simu, nikaanza.

Robo saa ni fupi kuliko unavyodhani. Dakika tano za mwanzo nilizipoteza kwenye uso wake nikitaka ufanane. Kufika dakika ya kumi sijafika magotini. Mkao wa pili nikabadilika, nikashika kwanza kile kilichokuwa kinaniita, ambacho kilikuwa ni mabega, alikuwa kayapandisha kwa baridi mpaka masikioni, nikayachora mabega makubwa, kichwa kidogo kimezama katikati, miguu mistari miwili tu. Nilipomaliza nikaona nimechora baridi. Hakufanana hata kidogo, akaniambia "umenifanya kama kobe", lakini alipoangalia ya kwanza na ya pili akaichagua ya pili.

Kwa hiyo sehemu ya upotoshaji wao ilitoka kwenye saa. Ukiwa huna muda wa vyote, mkono unachukua kinachokusumbua na kukikuza, mengine unayaacha madogo au unayaacha kabisa. Halafu wakishazoea wanaufanya uamuzi huo hata wakiwa na siku nzima, na hapo ndo umekuwa mtindo.

Sehemu nyingine ilitoka kwa watu wengine na hii lazima niiseme. Makumbusho ya makabila ya Dresden yalikuwa na mihimili ya nyumba iliyochongwa kutoka Palau, huko Pasifiki, watu wadogo wenye pembepembe kali wamepangwa mstari, na Kirchner aliipenda mno. Ukitazama miili yake ya miaka ile, viwiko na magoti yamekuwa kama yamekatwa na patasi, unaiona ile mihimili. Studio yake ilijaa nakshi na vinyago vya staili ya Afrika na Oseania. Palau ilikuwa koloni la Ujerumani. Die Brücke inaundwa Juni 1905, Julai mwaka huohuo kwetu vita vya Majimaji vinaanza dhidi ya Wajerumani haohao. Vijana wa Dresden wanatafuta uhuru wa mwili kwenye bwawa wakati serikali yao inachoma mashamba kule kusini. Sisemi walihusika, nasema vitu vilivyowafundisha kukata umbo vilifika Dresden kwa njia hiyo, na kwenye vibao vya makumbusho mara nyingi wanaandika tu kwamba "alivutiwa". Binamu akaniambia nisipandishe presha kwenye treni.

Alhamisi, Berlin

Neue Nationalgalerie, makumbusho ya sanaa. Nilikuwa na hofu nitakuta picha imeazimwa, nimeikuta ukutani.

Potsdamer Platz, 1914. Ina urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na nusu, kwa hiyo wale wanawake wawili wa katikati ni karibu sawa na mtu mzima, unasimama mbele yao na wao wanasimama mbele yako. Kwenye kitabu hilo hulipati, kwenye kitabu ni picha ya barabara. Hapa ni watu wamekuzuia njia.

Kirchner alihamia Berlin 1911, kundi likavunjika 1913, na kuanzia mwaka huo hadi 1915 alichora mfululizo wa picha za mitaa, nyingi zina wanawake waliokuwa wanajiuza. Hawa wawili wamesimama kwenye kile kisiwa cha mviringo cha katikati ya barabara, mmoja nguo ya bluu, mwingine nyeusi na ana shela ya mjane. Vita vilikuwa vimeanza, na wengi wanaisoma ile shela kwamba wanawake wa kazi ile waliivaa polisi wasiwasumbue. Nyuma kuna stesheni nyekundu, barabara ni ya kijani, wanaume weusi wembamba miguu imepanuliwa wanasogea pembeni.

Nimekaa nayo hadi mlinzi akaanza kunifuata kwa macho. Nitaeleza vitu viwili tu.

Cha kwanza ni ardhi. Ukikiangalia kile kisiwa unakiona kutoka juu, kama mtu aliyeko ghorofani. Ukiwaangalia wanawake unawaona kwa mbele, uko nao usawa mmoja. Haiwezekani vyote viwili kuwa kweli kwa mtu mmoja aliyesimama sehemu moja. Matokeo yake kisiwa kimeinuka kama sinia lililoegemezwa ukutani na wao wako juu yake kwenye visigino, na wewe tumbo linakwambia watateleza. Hakuna sura yenye woga pale, sura zao zimekaa kama vinyago, hazisemi kitu. Woga wote kauweka kwenye ardhi. Mchoraji wa kawaida angechora mwanamke mwenye macho ya hofu kwenye barabara iliyonyooka, huyu kageuza.

Cha pili ni brashi. Picha za Dresden rangi iko bapa, pana, imetulia ndani ya ukingo wake. Hapa michirizi imekuwa mifupi, mikali, mingi, inaenda mshazari, inapita kwenye nguo, inapita kwenye lami, inapita kwenye hewa. Na hicho ndicho kipimo changu sasa nikitaka kujua kama mtu kapotosha kwa sababu au kaiga staili: angalia kama upotoshaji umefika kwenye vitu visivyo na umuhimu. Waigaji wanapinda uso halafu nyuma wanaweka nyumba ya kawaida. Kwa Kirchner mji mzima una ugonjwa mmoja, hata kona ambayo hakuna mtu ataiangalia.

Ijumaa, Berlin bado

Asubuhi nimeenda Dahlem, Brücke-Museum, jengo dogo ndani ya miti lililofunguliwa 1967. Hapa nimeangalia zaidi picha za mbao, zile za kuchonga ubao, kupaka wino na kugandamiza karatasi. Ukichonga ubao kisu kinataka kwenda na nyuzi za mti, ukilazimisha duara kinachana, kwa hiyo duara linakuwa pembe, shavu linakuwa pembetatu. Walianza kuchonga mapema kabisa, na naona mkono uliozoea ubao ulivyorudi kwenye turubai ulibeba zile pembe. Nimefurahi kuona chanzo ambacho unaweza kukishika kwa mkono, maana kwenye maandishi wanaongelea roho tu.

Mchana nimekwenda Potsdamer Platz yenyewe. Stesheni nyekundu haipo, vita vya pili viliiharibu ikaja kubomolewa, sasa hivi ni vioo na maduka. Kuna mnara wa saa na taa za barabarani ambao watalii wanapiga nao picha, ila ule ni nakala ya mnara wa 1924, Kirchner hakuukuta. Nimekaa kwenye benchi na rangi zangu za goashi nikafanya mchoro wa makutano mara kadhaa.

Wa kwanza kama ilivyo. Kijivu, kijivu, basi la njano, watu. Hauna shida, hauna chochote.

Wa pili nikaacha maumbo yote palepale, nikabadilisha rangi tu: lami kijani, majengo waridi, watu bluu nzito. Ukawa unapendeza! Hilo sikulitarajia, nilidhani utatisha, kumbe rangi kali kwenye umbo lililotulia inageuka pambo, ungeweza kuuza kwa mtalii.

Wa tatu rangi za kweli, umbo limepinda, barabara imeinuliwa, watu wamerefushwa. Huu ukawa katuni. Unachekesha. Jicho linajua rangi ni za kawaida kwa hiyo linachukulia umbo kama utani.

Wa nne vyote viwili, na hapo ndo ukaanza kubana. Umbo linakuondolea mahali pa kusimama na rangi inakunyima mahali pa kupumzisha jicho, kila kimoja kinamzuia mwenzake asiwe pambo au utani. Mchoro wenyewe sio mzuri, nilichelewa na rangi zikachafuka, lakini nimeelewa kwa nini ukimwangalia Kirchner wa Berlin huwezi kusema napenda rangi zake tu.

Kitu kingine nilichokiona kwa karibu Alhamisi na sikukiandika: picha zake hazing'ai. Rangi ya mafuta kwa kawaida ina mng'ao, yake imefifia kama ukuta wa chokaa. Alikuwa anachanganya rangi na petroli na nta, inakauka haraka na inapauka, na vanishi hakuitaka. Mwandika mabango yeyote aliyewahi kukosa tina akatia petroli anajua, mafuta yanapungua kwenye rangi, mng'ao unakufa. Kwetu ni lawama. Kwake mng'ao ungekuwa ni kioo cha kuakisi taa za ukumbini, ungeweka ukuta kati yako na rangi. Ndo maana mtu akija kupaka vanishi picha kama hizi anaziharibu hata kama hajagusa mstari hata mmoja, zinakuwa nzito na zenye kina, na kina ndicho alichokuwa anakikimbia.

Jumamosi, kwenye treni

Kutwa nzima kutoka Berlin kwenda chini, kubadilisha Uswisi, mwisho treni nyekundu za milimani kutoka Landquart. Nina muda, nitaongelea picha ambayo siwezi kuiona safari hii kwa sababu iko Marekani, Oberlin, Ohio, nimeibeba kama postikadi.

Ni picha yake mwenyewe akiwa askari, 1915. Kirchner alijiandikisha kwa hiari, ila hiari ya kuwahi apelekwe kwenye mizinga asije akawekwa mbele na askari wa miguu. Alipelekwa mafunzo Halle. Hakufika kwenye mapigano, akili na mwili vilivunjika akiwa mafunzoni na mwaka huohuo akaachiwa. Kwenye picha kavaa sare ya kikosi cha 75, sigara mdomoni inaning'inia, macho hayana mboni, nyuma kuna mwanamke uchi kama mwanamitindo wa studio. Na mkono wa kulia umekatwa. Kigutu kiko mbele kabisa, kibichi.

Mkono wake haukukatwa kamwe. Mikono yote miwili alikuwa nayo, na kwa mkono huo ndo aliichora picha hiyo.

Nimemtumia binamu picha ya postikadi kwa Whatsapp, si ni nesi, nikamuuliza anaona nini. Kajibu kwa sauti akiwa wodini, kwamba hicho sicho kigutu cha hospitali. Kigutu cha hospitali kinafunikwa na ngozi, kinashonwa, kinapona mviringo, na mtu mwenye jeraha bichi hivyo hawezi kusimama na sigara uso mkavu namna ile, angekuwa kapoteza fahamu. "Huyo hajakatwa na daktari wala bomu, mdogo wangu."

Na hilo ndilo jibu. Angetaka kuigiza majeruhi angeenda kuangalia majeruhi, walikuwa wamejaa Ujerumani nzima. Alichora mchoraji ambaye hawezi tena kuchora. Sehemu iliyokatwa ni ileile inayoshika brashi, hakukata mguu, hakutoa jicho, ingawa macho nayo kayapofusha. Yaani chagua kitu kimoja ambacho kikitoka mtu huyu hayupo tena, kitoe. Sare ameichora kwa uangalifu, mpaka namba ya kikosi inasomeka, maana ingekuwa kila kitu kimepotoshwa usingejua ni jeshi gani lilimfanya hivi. Hapa upotoshaji umewekwa sehemu chache na umezungukwa na ukweli, tofauti kabisa na Potsdamer Platz, na ni mwaka mmoja tu umepita.

Baadaye huko Davos alipata kweli matatizo ya mikono na miguu kupooza, na dawa za usingizi na mofini juu yake. Watu wanapenda kusema alitabiri. Mi siendi huko.

Jumapili, Davos

Theluji hadi magotini pembeni ya barabara, bei ya chai nisiitaje.

Kirchner Museum Davos ni jengo la vioo na zege lililochorwa na Annette Gigon na Mike Guyer, lilifunguliwa 1992. Kirchner alifika Davos 1917 kama mgonjwa na mwishowe akahamia huko kabisa, kwanza kwenye nyumba za wachungaji kule Stafelalp, na kuanzia 1923 nyumba ya Wildboden, Frauenkirch, pembeni ya Davos.

Ukiwa umetoka Berlin juzi, kitu cha kwanza unachogundua ni kwamba ile michirizi ya kukatakata imepungua. Bado milima ni ya zambarau, bado nyuso za wakulima zina kijani, ila rangi imerudi kuwa pana, na wakulima na ng'ombe wana uzito, wamekaa ardhini, ardhi haijainuka. Rangi za uongo kama zamani lakini hofu hakuna. Kwa hiyo waridi au kijani peke yake haina maana moja, huwezi kutengeneza kamusi kwamba kijani ni ugonjwa na bluu ni huzuni. Kijani cha barabara ya Berlin na kijani cha shavu la mchungaji vinaweza kutoka tyubu moja.

Hapa ndo ile 1910 na 1926 ya Dresden inarudi. Kirchner akiwa Davos alirudia picha zake nyingi za ujana, akazilainisha, akafunika michirizi kwa rangi bapa za staili yake mpya, na wakati mwingine alirudisha tarehe nyuma ili aonekane alitangulia wengine. Alifika hadi kuandika sifa za kazi zake mwenyewe kwa jina la uongo, Louis de Marsalle, mkosoaji wa Kifaransa ambaye hajawahi kuwepo. Nacheka lakini ni shida kweli. Ukisimama mbele ya picha ya 1909 unataka kusema hii ni hali yake ya 1909, halafu kumbe nusu ya ngozi ya picha ni ya mwanaume wa miaka arobaini na sita anayemsahihisha kijana. Dalili unayoweza kuitafuta mwenyewe: maeneo yaliyotulia sana, yenye ukingo safi, katikati ya picha ambayo kwingine ina haraka. Ukiyaona soma kibao vizuri.

Mwaka 1937 Wanazi walitoa kazi zake 639 kwenye makumbusho ya Ujerumani, nyingine wakazionyesha kwenye lile onyesho la kuwadhalilisha, Munich. Hoja yao ilikuwa ileile ya mtaani, kwamba huyu hajui kuchora au ni mgonjwa wa macho. Tarehe 15 Juni 1938 alijiua, hapo Frauenkirch. Kazikwa makaburi ya msituni, si mbali na nyumba yake, nimepita kabla giza halijaingia.

Jumatatu, Frauenkirch

Nimeamka saa kumi na moja, nimevaa kila nguo niliyonayo, nimetembea kuelekea juu.

Sababu ni picha moja ya Januari 1919, mandhari ya mbalamwezi ya baridi, iko Detroit. Miti ya waridi, milima bluu kali, mbingu nyekundu, mwezi wa njano. Ukiiona unasema basi hapa kaacha macho nyumbani kabisa, hii ni ndani tupu. Lakini Kirchner aliandika kwenye barua asubuhi hiyo kwamba ameuona mwezi ukizama alfajiri, wa njano, na mawingu madogo ya waridi, na milima bluu tupu. Anaripoti!

Nilitaka kuona kama inawezekana. Kama saa kumi na mbili na kitu vilele vya magharibi vimeanza kushika waridi, jua lenyewe bado halijaonekana, mwanga umepita kwenye hewa ndefu umebakiwa na wekundu tu, na bonde lote chini bado liko kwenye kivuli na theluji ya kivulini ni bluu, bluu hasa, kwa sababu inaangaziwa na anga peke yake. Imedumu dakika chache. Baadaye jua limetoka na kila kitu kimekuwa cheupe cha kawaida, cha postikadi.

Mwezi sikuupata, tarehe hizi hauonekani alfajiri. Lakini rangi zilikuwepo. Basi alichopotosha pale si rangi ya mlima, alichofanya ni kuchukua dakika chache kati ya siku nzima, akaondoa kijivu chote kilichokuwa katikati yake, akasogeza ile waridi kutoka kileleni akaipeleka hadi kwenye miti ya chini ambako mwanga haujafika bado. Mi niliona miti myeusi. Yeye hakuiacha myeusi.

Nimempigia binamu nikamweleza yote hayo huku meno yanagongana. Kanisikiliza kwa subira kisha akauliza, sasa kama rangi alizikuta zipo, kwa nini kwenye kibao wanaandika alichora alichohisi? Nikamwambia dada, alikuwa hajalala, ana dawa mwilini, mikono haimtii, na kati ya asubuhi zote za Januari akachagua hiyo. Akanyamaza kidogo, akasema wagonjwa wa zamu ya usiku saa hiyohiyo ndo huwa wanaomba pazia lifunguliwe, halafu akaniambia nishuke nikanywe kitu cha moto kabla sijaletwa kwake kwa ambulensi.

Treni yangu ni saa sita. Naenda kuiangalia Wiesen kwanza, kuna daraja la reli alilichora 1926, nataka kuona safari hii kainua nini.